Kiti Kitupu Kinaonekana, Sababu Yake Haionekani



Vijana wenzangu, leo somo letu ni dogo kwa sura lakini limewahi kuvunja kwaya nzima. Ni ule ujumbe ambao viongozi wa kwaya hutuma kwenye grupu la WhatsApp pale mahudhurio ya mazoezi yanapoporomoka. Kama umewahi kuwa mwanakwaya unaujua. Na kama ni kiongozi, huenda umeshauandika wewe mwenyewe, usiku, ukiwa umechoka na una hasira.

Nimekuwa kwenye mwaka wa uchungaji katika parokia moja mjini Mbeya, na kwa kuwa frateri akifika parokiani hukabidhiwa vijana na kwaya, nami nilikabidhiwa. Mwezi Oktoba tulikuwa tunajiandaa kwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, ambayo ni tarehe 22 Novemba. Kwaya ina watu 34: soprano 12, alto 9, tena 5 na besi 8. Mazoezi ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa 11:30 jioni hadi saa 1:30 usiku.

Jumamosi moja tena alikuja mmoja tu. Mwalimu wa kwaya alifunga kitabu akaondoka bila kusema neno. Usiku ule, saa 4 hivi, mwenyekiti wetu, mtu mwema kabisa, alituma ujumbe kwenye grupu, wote kwa herufi kubwa. Kwa ufupi ulisema kwamba kuna watu wanaichezea kazi ya Mungu, wanajijua, na kuanzia wiki ile asiyehudhuria asiguse joho. Akamalizia kwamba Mungu hadhihakiwi.

Ndani ya dakika tano tena mmoja akajiondoa kwenye grupu. Hakujibu wala hakuaga. Wengine waliweka emoji ya mikono ya kusali, na waliobaki wakakaa kimya. Jumanne iliyofuata mahudhurio yalishuka zaidi.

Tuliketi na mwenyekiti sakristiani, tukajiuliza: kwani ujumbe ule ulikosea wapi? Mambo mengi aliyoyasema yalikuwa kweli.

Kwanza, kukosa mazoezi kunaharibu nini hasa?

Tuanzie hapa, kwa sababu ukishindwa kusema madhara kwa maneno ya kawaida utakimbilia vitisho.

Kwaya zetu nyingi hujifunza wimbo kwa nota za solfa, na kila sauti hufundishwa peke yake kwanza. Mwalimu anachukua kama dakika 20 na tena, anahamia besi, kisha alto. Baadaye ndipo sauti zinaunganishwa. Sasa mtu akikosa siku ya kufundishwa sauti yake, akaja siku ya kuunganisha, masikio yake yanashika sauti iliyo kubwa kuliko zote, na mara nyingi hiyo ni soprano. Anaiimba soprano ileile, ila chini kwa sauti ya kiume. Anajiona anaimba vizuri, maana tuni anaijua! Lakini aliyekuwa ameishika tena barabara anamsikia huyo pembeni yake naye anaanza kuyumba. Kwenye soprano 12 mmoja akipotea anafunikwa. Kwenye tena 5 wakipotea wawili, sauti ya tena imekwisha.

Dalili yake utaiona Jumapili: kwenye kuingia, sauti moja inachelewa kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Hapo utajua kwamba kuna mazoezi yaliyorukwa.

Haya unaweza kumwambia mtu bila kumtukana, na ataelewa. Ni tofauti kabisa na kumwambia kwamba anamdhihaki Mungu.

Pili, je, kukosa mazoezi ni dhambi?

Hapa tuwe makini. Kanisa linatuamuru kushiriki Misa siku ya Jumapili na sikukuu zilizoamriwa. Hakuna amri ya Kanisa inayosema uhudhurie mazoezi ya kwaya. Mtu aliyekosa mazoezi akaenda Misa ametimiza amri. Kwa hiyo kiongozi anayeandika grupuni kwamba wasiohudhuria wana dhambi anawawekea wenzake mzigo ambao Kanisa halijawawekea.

Lakini pia si kwamba mazoezi ni jambo la hiari tu, njoo ukijisikia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, namba 29, unasema wanakwaya wanatoa huduma halisi ya kiliturujia, na wanapaswa kuitimiza kwa ibada na utaratibu unaostahili. Tena wewe mwenyewe ulijiandikisha, ukasomewa katiba ya kwaya ukaikubali. Umetoa neno lako, na mwenzako anaposimama kando yako siku ya Misa anategemea neno hilo. Kwa hiyo wajibu upo, na umetokana na ahadi uliyoitoa. Mtu aliyeahidi anakumbushwa ahadi yake, na anaulizwa kilichomzuia. Kumtisha hakuna nafasi hapo.

Tatu, aonywe hadharani au faraghani?

Hili ndilo kosa kubwa la ujumbe wa usiku ule.

Katika Injili ya Mathayo sura ya 18 Bwana anaweka ngazi: kwanza mwendee ndugu yako mkiwa wawili tu, kisha na shahidi mmoja au wawili, na mwisho kabisa ndipo uliambie Kanisa. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake sura ya 23, alifuata ngazi hiyohiyo kwa watawa wake: mwenye kosa aonywe kwa siri mara ya kwanza na ya pili, asiposikia ndipo akemewe mbele ya wote. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna ugeni na huyu mtakatifu. Wamisionari wake ndio walioanzisha Peramiho mwaka 1898, na hata Tosamaganga kule Iringa ilianza mikononi mwao kabla ya Wakonsolata kuja.

Mwenyekiti wetu alikuwa na hoja, na ni hoja nzuri. Alisema, "Frateri, hilo ni la makosa ya siri. Mtu asipokuja mazoezini wote tunaona. Kosa la hadharani lionywe hadharani."

Ndugu zangu, huyu mzee hajasoma falsafa, lakini hoja yake ni ileile aliyoijadili Mtakatifu Tomaso wa Akwino katika swali lake juu ya kumwonya ndugu. Tomaso anakubali kwamba kosa lililo wazi kwa wote huonywa wazi, ili walioliona wasikwazike. Ni yale ya siri ndiyo yanayoanzia faraghani.

Lakini tuitazame kesi yetu. Ni nini hasa kilichokuwa wazi kwa wote? Kiti kitupu. Kila mtu alikiona. Ila kiti kitupu si kosa bado, ni dalili tu. Kinakuwa kosa kutokana na sababu: uvivu, dharau, kutojali. Na sababu hakuna aliyekuwa anaijua. Kiti kinaonekana, sababu yake haionekani. Kwa hiyo mwenyekiti aliadhibu hadharani jambo ambalo lilikuwa bado siri, hata kwake mwenyewe.

Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, lete daftari."

Nne, soma daftari kabla ya kuandika ujumbe

Tulilifungua daftari la mahudhurio. Tangu mwanzo wa Oktoba yalikuwa yamefanyika mazoezi 12. Tukawaandika pembeni wote waliokosa zaidi ya mara nne. Walikuwa 9 kati ya 34. Mwenyekiti akasema, "Umeona? Tisa!"

Kisha tukatazama siku walizokosa, na hapo picha ikabadilika.

Wanne kati yao walikuwa wamekosa Jumanne na Alhamisi tu, Jumamosi walikuwepo karibu zote. Wanafanya kazi madukani na sokoni huko Mwanjelwa, na kazi zao zinaisha saa 1 usiku. Wawili ni wanafunzi wa chuo, walikuwa wametoka nje ya Mbeya kwa mafunzo ya vitendo, na walikuwa wameaga kwa mdomo ila hakuna aliyeandika. Mmoja alikuwa amejifungua wiki sita zilizopita, jambo ambalo alto wote walilijua na hata walikwenda kumwona. Waliobaki bila maelezo walikuwa wawili.

Kwa maneno mengine, karipio lililopigwa kwa watu 34 lilikuwa linawahusu wawili. Na yule tena aliyejiondoa grupuni hakuwa miongoni mwa hao wawili. Alikuwa mmoja wa wale wanne wa Mwanjelwa, anayekimbia kila Jumamosi ili awahi.

Kuna jambo jingine ambalo daftari lilituonyesha. Sisi tulikuwa tunafundisha sauti mojamoja Jumanne na Alhamisi, halafu Jumamosi tunaunganisha. Yaani wale wanne walikuwa wanakuja siku ile tu ambayo sauti zao hawajafundishwa. Walikuwa wanayumba kila Jumapili, na lawama ilikuwa kwa ratiba yetu kuliko kwao.

Kwa hiyo kama wewe ni katibu wa kwaya, usiandike alama ya kuwepo na kutokuwepo pekee. Tumia alama nne: yupo, amechelewa, ametoa taarifa, hakutoa taarifa. Na andika tarehe pamoja na siku ya wiki. Bila hivyo mvivu na mzazi wa mtoto mchanga watafanana kwenye karatasi.

Tano, mwendee mtu kwanza

Mimi kwetu ni Iringa. Katika kwaya niliyokulia kila sauti ina kiongozi wake, na kiongozi wa sauti ndiye anayekwenda. Ukikosa mara mbili bila taarifa, mara ya tatu unamwona amefika nyumbani kwenu jioni, anasalimia wazazi, anakaa, anakunywa chai. Nakumbuka nikiwa kidato cha tatu alikuja kwetu, na kwaya hakuitaja hadi alipokuwa anaaga. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, kuna shida?" Nilirudi wiki ileile. Benedikto, katika sura ya 27, anataka abati atume ndugu wazima wenye busara kwa yule anayeyumba, wamfariji kwa siri ili asimezwe na huzuni. Sina hakika kama kiongozi wangu wa sauti aliwahi kuisoma, ila aliiishi.

Basi Mbeya tukafanya hivyo. Kiongozi wa tena alimfuata yule aliyejiondoa, dukani kwake. Wale wawili wasio na maelezo nao wakatembelewa, kila mmoja peke yake. Mmoja alisema baada ya kusitasita kwamba hajui kusoma solfa, na mwalimu alikuwa akimnyooshea kidole asome mbele ya wote, akaona aibu. Mwingine alisema waziwazi kwamba amechoka, anahitaji kupumzika. Hizi ni sababu mbili zinazotaka majibu mawili tofauti, na hakuna ujumbe wa grupu ungeweza kuzijibu zote.

Sita, ndipo ujumbe wa wote

Baada ya hapo bado ujumbe wa grupu ulihitajika. Tusidhani kwamba upole ni kunyamaza. Tomaso huyohuyo anasema kuna kuonya kwa ajili ya wema wa ndugu mwenyewe, ambako ni tendo la mapendo, na kuna kuonya kwa ajili ya wema wa wote, ambako ni tendo la haki. Wale 25 wanaokuja kila siku nao wana haki ya kusikia kwamba utaratibu upo na unafuatwa. Kwa hiyo ya ndugu yanasemwa faraghani, na ya wote yanasemwa grupuni.

Mwenyekiti aliandika huu, Jumatatu saa 3 asubuhi, watu wakiwa na akili tulivu:

"Tumsifu Yesu Kristo, wanakwaya wapendwa. Naomba radhi kwa ujumbe wangu wa Jumamosi ile. Niliandika kwa hasira.

Hadi Misa ya Mt. Sesilia tuna mazoezi 9. Nyimbo ni 7, na kati ya hizo 3 ni mpya. Kuanzia wiki hii sauti mojamoja zitafundishwa Jumamosi saa 9 alasiri. Jumanne na Alhamisi tutaunganisha, na wanaotoka kazini wataingia saa 1 usiku.

Mwenye udhuru amjulishe kiongozi wa sauti yake kabla ya saa 10 jioni. Si lazima kueleza sababu hapa grupuni.

Nawakumbusha katiba yetu: anayekosa mara tatu mfululizo bila taarifa ataitwa kuzungumza na viongozi. Na kwa ajili ya sikukuu hii tumekubaliana kwamba atakayekosa mazoezi manne au zaidi kati ya haya 9, hata kwa sababu njema, hataimba zile nyimbo 3 mpya. Atakaa nasi jukwaani na ataimba zile 4 anazozijua. Hii si adhabu, ni kwa sababu hatakuwa amezishika.

Mwenye swali anipigie. Tuonane Jumanne."

Utazame ujumbe huu taratibu. Hauna jina la mtu, na hauna lile neno "wanajijua", ambalo kwa kweli ni kutaja majina kwa njia ya uoga. Idadi zipo, ili kila mtu ajipime mwenyewe. Njia ya kutoa udhuru ipo bila kuanika mambo ya nyumbani mbele ya watu 33. Onyo lipo wazi kabisa, na ni onyo ambalo viongozi wanaweza kulitekeleza. Lile la joho lisingetekelezeka: ungewavua watu tisa siku ya sikukuu?

Pia angalia kwamba anayekosa habaki nje. Benedikto, sura ya 43, anazungumzia watawa wanaochelewa sala. Anasema wasisimame kwenye nafasi zao, bali mahali pa mwisho, ila waingie ndani. Kwa nini waingie? Kwa sababu wakiachwa nje mmoja atarudi kulala, na mwingine atakaa kupiga soga. Alijua watu, huyu mzee.

Kuna aliyependekeza faini ya shilingi 1,000 kwa kila zoezi. Tuliikataa. Faini ina bei, na chenye bei kinanunulika: mwenye pesa analipa anabaki nyumbani na dhamiri safi, asiye nayo anaogopa kurudi kwa sababu deni limekua.

Ikawaje?

Yule tena wa Mwanjelwa alirudi, na siku ya Mtakatifu Sesilia tena walikuwa wanne. Yule aliyeona aibu ya solfa anafundishwa na besi mmoja Jumamosi kabla ya wengine kufika. Wanafunzi wawili walikuwa bado hawajarudi Mbeya. Dada mmoja wa soprano alifikisha mara nne, akaimba nyimbo 4 na kwenye zile 3 akanyamaza. Haikuwa rahisi kumwangalia, lakini alikuwa ameambiwa mapema na alibaki amesimama nasi.

Aliyesema amechoka hajarudi hadi leo. Tulimwambia apumzike na kwamba nafasi yake ipo. Namwona kwenye Misa ya kwanza, benchi za nyuma, anaitikia zaburi. Kila tukikutana nje tunasalimiana, na mazoezi siyataji.

Ya kufanyia kazi wiki hii

Kama wewe ni kiongozi: kabla hujaandika chochote grupuni, chukua daftari, watenge waliokosa kwa siku na kwa sababu, na uone wanabaki wangapi.

Kama wewe ndiye unayekosa: leo hii mtumie kiongozi wa sauti yako mstari mmoja tu. Kiti chako sote tunakiona. Sababu unaijua wewe, na hatuwezi kukusaidia kabla hujaisema.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.